Gogo la Sponji na Kisigino cha Binti Yangu

Jambo lote liligharimu jogoo mmoja na noti kadhaa, mtetea mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutaga, nauli ya watu wawili kutoka Kiomboi kwenda Singida na kurudi, sahani mbili za wali nilizokula bila kuzionja, na kifimbo cha kusukumia chapati ambacho mke wangu hadi leo anakitumia huku akinitazama. Nimehesabu mara mbili. Mara ya pili nikaongeza soli ya kiatu changu cha kushoto, maana ilibanduka siku ile ile ya safari, na sioni kwa nini nimbebeshe mtu mwingine gharama yake.

Mimi ni mtu wa kuku. Nanunua vijijini, naweka kwenye matenga, nawapandisha gari la Dar es Salaam. Ukifanya kazi hiyo muda mrefu mkono wako unakuwa mizani. Namshika kuku miguuni, nampima, najua kama uzito ule ni wa nyama au ni wa maji aliyonyweshwa asubuhi kabla ya kuletwa mnadani. Kuku wa maji ni mzito kweli, sisemi si mzito. Ila ukifika naye stendi uzito umeshabaki kwenye tenga.

Binti yangu wa pili alikuwa ameanguka na bodaboda kwenye kona ya kuelekea hospitali, akavunjika kifundo cha mguu wa kulia. Wakamfunga plasta ngumu, mfupa ukaunga vizuri, plasta ikatolewa. Akawa anatembea, hata kukimbia akakimbia. Alichoshindwa ni kuchuchumaa. Kila akichuchumaa kisigino cha kulia kinanyanyuka kama kuna mtu anakisukuma kwa chini, na akilazimisha kukirudisha, anaanguka chali. Mama yake alikuwa anamwambia akae kwenye kigoda afue nguo kama watu wenye vyeo.

Kisigino kingebaki kuwa mzaha wa nyumbani, kama isingekuwa kazi. Siku hizo kampuni za ulinzi zilikuwa zimefumuka kila mji. Zamani mlinzi alikuwa mzee mmoja na upinde wake. Soko lilipoachiwa huru, na ulinzi nao ukawa biashara yenye sare na mkanda. Kampuni moja ilitangaza kwamba itachukua watu Singida mjini, na wanawake wakiwemo. Binti yangu alikuwa na cheti cha kidato cha nne na miaka iliyokuwa inakaribia kupita kikomo chao. Rafiki yake aliyeingia mwaka uliotangulia akamwambia siri ambayo haikuwa siri: yule afisa wao wa usaili, askari mstaafu, ana desturi yake. Anawachuchumaza waombaji wote mstari mmoja, visigino chini, halafu anapita nyuma yao na kipande cha boksi. Anakipitisha chini ya kila kisigino. Kikipita, unakwenda nyumbani.

"Kwa nini kisigino?" nilimuuliza yule rafiki.

"Anasema mlinzi hapewi kiti, baba. Usiku kucha ni kusimama na kuchuchumaa. Asiyeweza kuchuchumaa ataketi, na aliyeketi atalala."

Mimi mwenyewe nikiketi nalala.

Zilikuwa zimebaki wiki chache kabla ya usaili. Ndipo mnadani nikakutana na kijana mmoja wa vifaa vya mazoezi. Alikuwa amemwaga kwenye turubai vitu vya mtumba: raba, kamba za kuruka, mipira iliyopungua upepo, na katikati gogo jeusi la sponji ngumu, urefu wake kama mkono hadi kiwiko, lina matuta matuta kama muhindi uliopukuchuliwa vibaya.

"Shikamoo mzee wangu. Hilo ni la kulainisha mwili."

"Marahaba. Mwili wa nani?"

"Wa yeyote. Unalala juu yake, unajisukuma mbele na nyuma. Ndani ya nyama kuna utando, mzee. Ukishika fundo, mwili unakaza. Hili linavunja mafundo."

"Na mifupa?"

"Mifupa haligusi."

"Basi lina adabu. Bei gani?"

Akataja bei. Nikacheka kicheko kile tunachokiweka kwa ajili ya bei za kwanza, nikamwita binti yangu aliyekuwa anachunga matenga. Yule kijana hakuwa mjinga. Alimvusha hadi kwenye ukuta wa ghala, akamwambia asimame akiuelekea, mguu wa kulia mbele, kisigino kisinyanyuke, akunje goti hadi liguse ukuta. Akawa anamrudisha nyuma kidogo kidogo mpaka pale goti linapogusa kwa taabu na kisigino bado kiko chini. Akachora mstari kwa chaki mbele ya kidole gumba. Kisha akatandika kanga chini, binti akaketi, akaweka kigimbi juu ya gogo, mikono nyuma, akajisukuma polepole kutoka kwenye kifundo hadi chini ya goti, huku amekunja uso. Muda wa kunywa chai ya moto, haukuzidi. Akarudi ukutani. Mguu ulikuwa umerudi nyuma ya mstari kwa unene wa kidole, na goti likagusa, na kisigino kikatulia.

Nilikagua kisigino kwa kucha. Nikamwambia arudie. Kikatulia tena.

"Mzee, umeona mwenyewe," kijana akasema.

"Nimeona. Ila mimi huwa naona vitu vingi mnadani."

"Sasa unataka nini zaidi?"

"Nataka bei ya mtu aliyeona lakini hajaamini."

Tulivutana mpaka watu wakakaa. Mwishowe akachukua jogoo mmoja na noti kadhaa, akaapa kwamba jogoo ana kidonda mguuni. Nikamwambia ampitishe kwenye gogo.

Nyumbani tulichora mstari kwa mkaa kwenye sakafu ya sebule, mbele ya ukuta. Asubuhi iliyofuata nikamwamsha binti nipime faida yangu. Mguu ulikuwa kwenye mstari wa zamani. Kidole kile kizima cha jana kilikuwa kimekwenda. Nikapima upya nikidhani ni usingizi. Mstari wa zamani. Akajiviringisha juu ya gogo: kidole kikarudi. Nikampa chai, nikapima: bado kipo, labda kimepungua ukucha. Akaenda kuteka maji, akakaa foleni bombani, akarudi. Hakuna kitu.

Tulifanya hivyo siku nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kila asubuhi mstari wa zamani, kila baada ya gogo kidole kimoja, kila baada ya foleni ya maji hakuna. Mke wangu alikuwa anadeki sebule na kuufuta mkaa, mimi nauchora tena.

"Mzee, hiyo sakafu umeigeuza ubao wa darasa la kwanza," akasema.

"Napima."

"Unapima nini ambacho jana hukukipima?"

Akaongeza jambo kwa Kinyiramba ambalo halikuwa swali.

Nilikuwa nimechoka. Uchovu wenyewe haukuwa wa mwili. Ulikuwa uchovu wa kununua kitu kile kile kila asubuhi na kukipoteza kabla ya saa nne. Nilianza kuamini kwamba fundo halijavunjika bado, tunahitaji nguvu zaidi. Nikamwambia binti asukume kwa uzito wote, na mguu wa pili aupandishe juu ya wa kwanza. Akapata alama ya kijani kwenye kigimbi. Kidole kikabaki kidole kile kile.

Jirani yangu anachinja mbuzi. Nilikwenda kununua maini nikamkuta anaondoa ule utando mweupe unaong'aa juu ya nyama ya paja, kisu kinakwenda kama kinamenya vitunguu. Nikamuuliza kama utando ule unaweza kulainika kwa kusukumwa.

"Kusukumwa na nini?"

"Na kitu cha mviringo. Na uzito wa mtu."

Akachukua chupa ya soda iliyokuwa tupu, akanikabidhi. "Sukuma, ndugu yangu. Ukifanikiwa nitakupa mbuzi mzima, mimi niache kazi ya kunoa visu."

Nikaegemea ile chupa kwa kifua changu chote. Nyama iliyokuwa chini ilibonyea na kusogea. Utando ulibaki vile vile, haukurefuka hata unywele. Akaushika kwa pande mbili akauvuta hadi mishipa ya shingo ikamtoka, akaniangalia. "Huu ndio unaomshika mbuzi asimwagike," akasema. "Ungekuwa unalegea kwa chupa, mbuzi wangefika hapa wakiwa supu."

Nilirudi na maini na swali. Kama utando haulegei, kidole kile kinatoka wapi? Kwa sababu kinatoka. Nimekipima mimi.

Kesho yake nikampeleka binti hospitali, kwenye chumba cha mazoezi ya viungo, tulikopaswa kuwa tumekwenda tangu plasta ilipotolewa. Mtaalamu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya mtu aliyekwisha kurudia maneno yale yale mara nyingi. Nikamwekea gogo mezani. Akalitambua.

"Mmeshalitumia?"

"Kila siku, daktari. Linafanya kazi na halifanyi kazi."

Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza. "Baba, hapo umesema sawasawa kuliko wanaoliuza."

Nikamweleza habari ya mstari, bomba, chupa na mbuzi. Alisikiliza yote, kisha akamwambia binti yangu asimame ukutani, akapima mguu wa kulia, ule mbovu. Halafu akamwambia alitumie gogo kwenye mguu wa kushoto, mzima, na asiuguse wa kulia kabisa. Baada ya hapo akapima tena wa kulia. Ulikuwa umesogea. Si kidole kizima, ila umesogea.

"Sasa niambie, baba. Fundo la mguu wa kulia nimelivunja kwa mguu wa kushoto?"

Nikainama kukikagua kisigino kwa kucha.

"Usichukue hii kama hesabu iliyofungwa," akasema. "Hata kule kupima tena na tena kunaupasha mguu moto, na wenyewe unasogea. Lakini wengine wamepima kwa utaratibu kuliko mimi hapa, na wameona vivyo hivyo: unasugua mguu mmoja, wa pili nao unapata kidogo. Ndiyo maana wengi wetu hatuamini habari za kuvunja utando. Utando wako jirani yako amekuonyesha. Uzito wa mtu juu ya sponji hauurefushi. Kinachobadilika zaidi ni ubongo na mishipa ya fahamu. Unapovuta msuli, kuna mahali mwili unasema basi, inatosha. Ukisugua, hilo neno basi linachelewa kidogo. Anavumilia mvuto zaidi, maumivu yanapungua, goti linakwenda mbele. Baada ya dakika kumi, ishirini, kwa mwingine nusu saa, neno hilo linarudi mahali pake."

"Kwa hiyo ni udanganyifu."

"Si udanganyifu. Kisigino si kiligusa chini? Kiligusa kweli. Ni kwa muda tu. Na kuna uzuri wake: kusugua hakumpunguzii miguu nguvu kabla ya kukimbia, na kunampa nafasi ya kufanya mazoezi akiwa amefunguka. Ila kinachobaki hakiletwi na gogo. Kinaletwa na mazoezi ya kila siku, na uzito juu yake, kwa miezi. Na hapa tena sehemu ya ugumu imo kwenye kiungo chenyewe, kwa sababu ya ile plasta. Hilo gogo hata halifiki."

"Vipi kusukuma kwa nguvu zaidi?"

Akaitazama ile alama ya kijani kwenye kigimbi cha binti yangu. "Huko ni kujipiga tu, baba."

Nikiwa natoka pale nilikuwa nimeelewa kila kitu kwa lugha yangu: kuku wa maji. Mzito kweli, ila uzito si wake. Mtaalamu alimpa binti zoezi: asimame kwenye ukingo wa ngazi kwa nusu ya mbele ya mguu, ajishushe kisigino polepole chini ya ngazi, ajipandishe, na baadaye abebe mzigo mgongoni. Alimwambia pia kwamba wiki zilizobaki hazitoshi. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja bei ambayo haipungui.

Mimi bei isiyopungua huwa siitambui. Usiku nikapiga hesabu: kama gogo linatoa kidole kwa dakika kumi, basi likitumika kwa saa nzima litatoa zaidi, au kwa muda mrefu zaidi, kama betri inayochajiwa. Hilo hakuna aliyeniambia. Nilijiambia mwenyewe. Na sababu ya pili ilikuwa aibu. Sikutaka binti wa watu, binti yangu, ajiviringishe chini hadharani mjini Singida mbele ya vijana waliokuja kutafuta kazi. Kwa hiyo siku ya usaili tulianza alfajiri, nyumbani, mlango umefungwa. Alijisugua mpaka akalalamika. Stendi ya Kiomboi konda akalitazama gogo akasema hilo ni mzigo, lilipiwe.

"Ni sponji," nikamwambia. "Lina upepo mtupu."

"Basi lipia upepo, mzee."

Nikaona halina kazi tena, betri imeshajaa. Nikamwachia mwenye kibanda cha chai alitunze hadi jioni. Hilo nimelihesabu mara nyingi zaidi ya mbili.

Tulifika Singida saa tatu asubuhi ikiwa imepita. Uwanja ulikuwa umejaa. Binti akaenda pembeni ya mti akajaribu kuchuchumaa. Kisigino kikanyanyuka. Akanitazama. Akajaribu tena. Chini ya kisigino ungeweza kupitisha si boksi tu, ungepitisha daftari.

"Gogo liko wapi, baba?"

"Kiomboi. Linakunywa chai."

Alicheka, na kile kicheko kilinichosha kuliko kama angelia. Nikatazama huku na huku. Nje ya uwanja kulikuwa na mama lishe anasukuma chapati. Mikono yake inakwenda na kurudi, kifimbo kinaviringika, unga unatii. Nikasimama mbele yake kama mtu aliyeona ndugu.

"Habari za kazi, mama. Naazima hicho kifimbo kwa dakika kumi."

"Karibu chapati."

"Chapati nitakula. Kwanza kifimbo."

"Kwa ajili ya nini?"

"Kigimbi cha binti yangu."

Akanitazama kuanzia kofia hadi soli iliyobanduka. "Mzee, mimi kifimbo changu kinasukuma unga. Kikisukuma mtu, hakirudi kwenye unga."

Maana yake nikinunue. Tulipatana kwa mtetea niliyekuwa nimembeba kumpelekea shemeji yangu wa Unyambwa, pamoja na ahadi ya sahani mbili za wali. Sijawahi kupatana vibaya hivyo. Binti akaingia nyuma ya kibanda, akajifunika kanga, akasukuma kifimbo juu ya kigimbi juu chini, polepole, kisha akagusisha goti kwenye nguzo mara kadhaa kama alivyofundishwa. Wakaita majina.

Nilisimama nje ya uzio. Walichuchumaa mstari mmoja. Askari mstaafu alikuwa mfupi, mwenye masharubu yaliyochanwa, na kipande chake cha boksi kilikuwa kimekatwa kutoka kwenye katoni ya sabuni. Alipita nyuma yao bila haraka. Mmoja akatolewa, wa pili akatolewa. Alipofika kwa binti yangu aliinama. Boksi likagota kwenye kisigino. Akalisukuma tena. Likagota. Akaenda kwa anayefuata.

Nilimwambia mama lishe alete wali.

Wakakimbia mizunguko ya uwanja, na binti yangu alikuwa miongoni mwa wa mbele. Kisha wakaambiwa wakae chini wasubiri. Kulikuwa na karatasi za kujaza na mtu wa kuziidhinisha, na mtu huyo alikuwa bado hajafika. Jua likapanda, likaanza kushuka. Huyo wa karatasi alipofika, yule askari alileta mabuti kwenye magunia, kila mmoja akajaribu saizi yake. Halafu, labda kwa kuona mtu wa ofisini anatazama, akatoa tena boksi mfukoni.

"Tunarudia. Sasa mkiwa na mabuti. Dakika tano, kila mtu ajiandae."

Nilikiinua kifimbo juu ya uzio. Binti yangu aliniona. Alikuwa na dakika tano na mimi nilikuwa hatua chache tu kutoka pale alipo. Akatikisa kichwa, akabaki kwenye mstari anafunga kamba za buti. Nikakiinua tena, nikidhani hakunielewa. Mtu aliyekuwa kando yangu akaniuliza kama nauza.

Boksi lilipita chini ya kisigino cha binti yangu kama barua chini ya mlango.

"Wewe asubuhi ulipita," askari akasema.

"Ndiyo, afande. Asubuhi nilikuwa nimesugua mguu. Nikisugua kinashuka kwa muda. Nilivunjika kifundo. Bila kusugua bado hakifiki."

"Kwa nini hukusugua sasa?"

"Kwa sababu kazini hutanipa dakika tano, afande."

Wengine wakacheka. Yeye hakucheka. Aligeuza boksi mkononi, akaliangalia upande wa pili kama kuna maandishi. "Umetibiwa?"

"Nimeanza mazoezi hospitali. Wamesema miezi."

"Mimi mtu akishindwa namwondoa, sina maneno naye. Wewe umekimbia vizuri na umesema kweli bila kuulizwa mara mbili. Tutachukua tena baada ya mavuno. Njoo na kisigino chako mwenyewe."

Tulirudi Kiomboi. Karibu na kufika nilimuuliza kwa nini hakuja kwenye uzio. Akasema, "Baba, sasa nitaolewa na kifimbo cha chapati? Kila mahali nikienda kiwe kiunoni?"

Baada ya hapo nyumba yetu iliishi kwa ngazi ile ya mlangoni. Kila asubuhi na kila jioni alisimama pale anajishusha na kujipandisha, kwanza mikono mitupu, kisha na debe la mchanga mgongoni, baadaye na gunia la pumba za kuku wangu. Kabla ya kuanza alijisugua kidogo kwa kifimbo, maana mtaalamu alisema hapo hakuna ubaya, mguu ukifunguka mazoezi yanafika mbali zaidi. Mama yake alikivizia, akimaliza anakiosha anakwenda nacho jikoni. Gogo la sponji nilijaribu kumrudishia yule kijana wa mnadani. Jogoo alishaliwa, akasema, na kidonda chake. Nikabaki nalo, usiku ndilo mto wangu.

Mimi nilishika sheria moja: mstari tunachora alfajiri tu, mguu ukiwa baridi, kabla ya kusugua, kabla ya chai, kabla ya maji. Wiki nyingi haukusogea na nilikuwa na maneno mengi ya kusema juu ya hospitali. Halafu mkaa ukaanza kurudi nyuma kutoka ukutani, kwa kiasi ambacho mtu asiye mfanyabiashara asingekiona. Ukucha. Baadaye ukucha mwingine. Na ulipokwenda haukurudi. Mke wangu akaacha kuudeki. Akawa anapitisha tambara kando kando yake.

Baada ya mavuno simu ya kampuni ikaita. Jioni ya kuamkia safari binti alichuchumaa katikati ya sebule, mguu baridi, na mimi nikachukua kifuniko cha boksi la majani ya chai nikakipitisha. Kiligota. Akasimama, akachuchumaa tena. Kikapita, kwa kukwaruza. Mara ya tatu kikagota. Nilikaa chini sakafuni, nikakitazama kile kifuniko. Mtaalamu alikuwa amesema bado kidogo, mwezi, labda zaidi, na mguu hauangalii kalenda ya mtu.

Asubuhi alikuwa amefunga begi lake, na kifimbo ameshika mkononi, kimeoshwa, kina unga kidogo kwenye ncha. Mama yake alikuwa mlangoni.

"Baba," akasema, "wewe umenunua kuku maisha yako yote. Mtu akimnywesha kuku maji ili azidi mizani, ni mwizi. Hilo ulinifundisha. Na akimnywesha kwa sababu safari ni ndefu na kuku ana kiu ya kweli?"

Nikamwambia inategemea.

"Inategemea nini? Nishauri. Nikibebe au nikiache?"